Umeomba udhuru, muhtasari unasema "bila taarifa": kosa liko wapi kwenye barua pepe yako?

Muhtasari wa kikao, kabla haujafika kwenye ajenda, huanza na orodha tatu za majina: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa (ofisi nyingine huandika "kwa udhuru"), na wasiohudhuria bila taarifa. Ninayeyapanga majina hayo katika kitengo chetu ni mimi, katibu wa vikao. Mwishoni mwa Juni nilimweka msaidizi wetu wa stoo kwenye orodha ya tatu. Alipousoma muhtasari akaja mezani kwangu na simu mkononi: "Shikamoo dada. Mbona mimi nilituma udhuru?" Kweli alikuwa ametuma. Hii hapa, nimeibandika kama ilivyokuwa, kwa ruhusa yake:

> Kichwa: KIKAO
>
> Habari Mkuu,
>
> Husika na mada tajwa hapo juu. Kwanza na shukuru kwa mualiko wako. Naomba radi kwani sito weza kuudhuria kwenye kikao hiko cha saa 9 asubuhi tarehe 30 kutokana na majukumu mengine yaliyo nje ya uwezo wangu. Hivyo naomba kuhairisha, ila nitajitahidi kujiunga kama nitapata nafasi.
>
> Asante.

Barua ni fupi na ina adabu, na nia yake ni njema. Lakini ilileta matatizo manne tofauti kwa watu wawili tofauti. Nitayapitia kwa dalili zake, maana aliyetuma barua ya namna hii huiona dalili kwanza, na chanzo huja kukitafuta baadaye.

Dalili ya kwanza: mwenyekiti anajibu kwa ukali kuhusu jambo ambalo hukuomba

Jibu alilopata lilikuwa la mstari mmoja: "Kikao hakiahirishwi kwa ajili ya mtu mmoja." Binti wa watu akashangaa, maana hakuomba kikao kisogezwe. Alitaka asamehewe yeye tu.

Chanzo ni neno moja. Kuahirisha ni kusogeza jambo zima hadi siku nyingine. Anayeahirisha kikao anakiahirisha kwa wote, na mwenye mamlaka hayo ni mwenyekiti. Mwalikwa asiyeweza kufika hafanyi hivyo, yeye huomba udhuru. Yako maneno mengine mawili yanayochanganywa hapo hapo. Kughairi ni kubadili nia na kuacha jambo ulilokuwa umekusudia, na mtu ambaye bado hajakubali mwaliko hana cha kughairi. Kukataa nalo ni sahihi kwa maana, lakini katika barua ya mdogo kwenda kwa mkubwa linasikika kama mlango uliobamizwa. Kwa hiyo sentensi "naomba kuhairisha" inatoka yote. Hakuna haja ya kuweka nyingine mahali pake, kwa kuwa "sitaweza kuhudhuria" imekwisha kulisema jambo.

Tahajia nayo ilikuwa na kasoro. Ni "ahirisha", si "hairisha". Kwa kuikumbuka, fikiria "akhera", ambalo limetoka kwenye shina hilo hilo la Kiarabu lenye maana ya kuchelewa na kuja nyuma. Yote mawili yanaanza na a.

Dalili ya pili: unaulizwa "saa 9 ipi?"

Kalenda ya kompyuta ilimwonyesha `Tue Jun 30, 2026, 9:00 AM`. Akaandika "saa 9 asubuhi". Kosa hili naliona karibu kila wiki, hata kwa watu waliozaliwa na kukulia Kiswahilini, kwa sababu jicho linanakili namba kabla kichwa hakijatafsiri.

Kompyuta inahesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu kunapokucha, na jua likizama tunaanza upya. Tofauti ni saa 6 daima, hivyo 9:00 AM ya kwenye skrini ni saa 3:00 asubuhi. Ukiandika "saa 9 asubuhi" msomaji anabaki na tafsiri mbili, na zote zina mantiki: huenda umenakili namba ya skrini na unakusudia saa 3, au unakusudia saa 9 alasiri na umekosea neno la kipindi. Kwa mtu anayepanga vikao viwili siku moja, huo si utani. Siku ile ile mwenyekiti alikuwa na kikao kingine saa 9 alasiri, na kwa muda wa robo saa hivi alidhani binti anajitoa kwenye hicho.

Kuligundua kosa hili kabla ya kutuma ni rahisi. Tazama kama namba na neno la kipindi vinapatana. Asubuhi ya ofisini inaanza saa 1 na kuishia saa 5. Baada ya hapo ni mchana, kisha saa 9 na saa 10 tunaziita alasiri, ingawa wengi siku hizi husema jioni kuanzia saa 10. Ukiona "asubuhi" imekaa karibu na 8, 9, 10 au 11, umenakili skrini.

Kama mwaliko umetoka kwa wenzetu wa Kigali au Bujumbura kuna jambo la ziada. Wao wako saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Kalenda hujirekebisha yenyewe na kumwonyesha kila mtu saa ya kwake, lakini maneno uliyoyaandika kwa mkono hayajirekebishi. Hapo ongeza "saa za Dar es Salaam" na yaishe.

Siku nayo iandikwe pamoja na tarehe. "Tarehe 30" peke yake inatosha mpaka siku utakapokosea tarakimu moja. Ukiandika "Jumanne tarehe 30 Juni", kimoja kinamlinda mwenzake, na yakigombana msomaji atakuuliza badala ya kubahatisha. Ila kuwa macho na vifupisho vya kalenda ya Kiingereza: `Tue` ni Jumanne, `Thu` ni Alhamisi, na kwenye skrini ndogo ya simu vinafanana kama pacha.

Dalili ya tatu: jina lako liko "bila taarifa"

Hapa nina sehemu yangu ya lawama, lakini nieleze nilivyoona upande wangu.

Kikao kilikuwa cha watu saba na akidi yetu ni wanne. Siku moja kabla, nilifungua orodha ya waalikwa kwenye kalenda nihesabu. Wawili walikuwa wamekataa, wanne wamekubali, na mbele ya jina la msaidizi wa stoo hapakuwa na kitu. Barua yake ilikwenda kwa mwenyekiti peke yake. Mwenyekiti alinipelekea nakala na maneno "Ona hii", nami nikaisoma mpaka mwisho: "nitajitahidi kujiunga kama nitapata nafasi." Nikamhesabu kama mtu anayekuja kwa kuchelewa. Hakuja, wala hakutuma neno siku hiyo. Nikaandika nilichoandika.

Vyanzo ni viwili, na vyote vinatibika.

Kimoja ni hiyo sentensi ya "nitajitahidi". Katika mazungumzo yetu "nitajitahidi" mara nyingi ni namna ya kusema hapana bila kumuumiza mtu, na ana kwa ana uso na sauti vinamalizia maana. Kwenye maandishi hakuna uso. Katibu anayehesabu akidi anataka namba, na "nitajitahidi" haina namba. Kama huji, sema huji. Kama kweli upo uwezekano, taja mpaka wake: "Zoezi likiisha kabla ya saa 5:00 asubuhi nitajiunga, na nitamjulisha Katibu kwa simu." Hilo naweza kulipanga.

Cha pili ni cha mashine. Yeye alibonyeza kujibu kama anavyojibu barua pepe yoyote. Jibu la kawaida linafika kwa mwenyekiti kama ujumbe, lakini halibadilishi hali yako kwenye orodha ya waalikwa. Ili orodha ibadilike inabidi ubonyeze kitufe cha mwaliko wenyewe. Kwenye Gmail ni `No`, na kwenye Outlook ni `Decline`. Ukitumia Outlook ya kwenye kompyuta, ile ya zamani, `Decline` inakupa njia tatu:

```
Edit the Response before Sending
Send the Response Now
Do Not Send a Response
```

Ya kwanza ndiyo yako. Inafungua nafasi ya kuandika, na maneno yako yanakwenda pamoja na jibu la kalenda, yaani udhuru na hesabu vinafika kwa safari moja. Ya pili inatuma "hapana" kavu isiyo na neno, na kwa mkubwa wako hiyo ni baridi mno. Ya tatu ndiyo mtego, kwa sababu kikao kinatoweka kwenye kalenda yako nawe unaamini umemaliza, kumbe aliyekualika hajapata chochote. Kuna mtu mmoja ofisini alikwenda hivyo miezi mitatu, akijiona mstaarabu.

Jibu la kalenda humwendea aliyeandaa mwaliko tu. Kama katibu ni mtu mwingine, mwongeze kwenye nakala. Msimamizi wako wa karibu naye awemo, na aambiwe kwa mdomo kabla hujatuma, maana hapendi kusikia kutoka kwa mkuu wa kitengo kwamba kijana wake hayupo.

Na kama muhtasari umeshatoka na jina liko pabaya, usiandike barua ya malalamiko. Muhtasari bado haujathibitishwa. Kikao kinachofuata kitaanza na kusoma na kuthibitisha muhtasari, na hapo ndipo marekebisho yanapoingia. Mpelekee katibu nakala ya udhuru wako mapema, naye ataliinua mwenyewe. Nami nililiinua.

Dalili ya nne: hakuna aliyelalamika, ila mkubwa amenuna

Hii ndiyo ngumu kuiona, kwa sababu kila neno peke yake ni la heshima.

"Majukumu mengine yaliyo nje ya uwezo wangu" ni maneno ya kuazima. Nje ya uwezo ni ugonjwa, msiba, barabara iliyokatwa na mvua. Msaidizi wa stoo anayepangiwa kuhesabu mali tarehe 30 Juni yumo kazini, tena kwenye kazi isiyosogezeka, kwa sababu siku hiyo ndiyo mwisho wa mwaka wa fedha wa serikali na mali inahesabiwa siku ya kufunga vitabu. Alikuwa na sababu nzito kuliko zote, akaifunika kwa msemo unaotumiwa na kila asiye na sababu. Mwenyekiti akasoma "majukumu mengine" na kusikia "nina ya maana zaidi kuliko ya kwako".

Sababu nzuri ina vitu viwili: kazi yenyewe kwa jina lake, na nani amekupangia. "Nimepangwa na Mhasibu Mkuu kwenye zoezi la kuhesabu mali stoo." Sasa mgongano ni wa ratiba mbili za wakubwa wawili, na wewe mdogo umetoka katikati. Wakitaka kukuhamisha watazungumza wenyewe. Sentensi moja inatosha. Ukianza ya pili unajitetea, na ya tatu inazua maswali. Ugonjwa na mambo ya nyumbani hayahitaji undani wote, "nina ruhusa ya matibabu siku hiyo" inamaliza.

"Habari Mkuu" nayo. Mtaani "mkuu" sasa ni neno la kumwita hata dereva wa bodaboda. Cheo kikikaa kamili kinarudisha uzito: "Ndugu Mkuu wa Kitengo". Wengine huniuliza kuhusu shikamoo kwenye barua pepe. Kwa mkubwa mnayesalimiana hivyo kila asubuhi na anayesoma peke yake, haina ubaya. Kwenye barua yenye nakala kwa watu wanne, wengine rika lako, inawaacha njia panda. Mimi huiacha kwa ajili ya mlangoni.

"Mwaliko wako" kwa mkubwa linakwaruza kidogo. "Wenu" ingefaa kama unaiandikia ofisi. Njia rahisi ni kukwepa kiwakilishi kabisa: "mwaliko wa kikao".

Na "Husika na mada tajwa hapo juu" ni ya barua ya karatasi, yenye kumbukumbu namba na mstari wa Yah. Barua pepe ina sehemu yake ya kichwa, na kichwa alichoandika ni KIKAO. Mwenyekiti mwenye vikao vitano kwa wiki hajui ahusike na kipi. Kichwa kinachofaa kinaanza na neno Udhuru, kisha jina la kikao na tarehe, na anaweza kukielewa bila hata kukifungua.

Dalili ndogo: anacheka, na hujui anacheka nini

Zilizobaki ni za tahajia. Kikagua tahajia hakitakuokoa. Kikiwa kimewekwa Kiingereza kinapiga mstari mwekundu chini ya maneno yote ya Kiswahili, na kosa linajificha kati ya yaliyo sahihi. Soma kwa sauti, na angalia hasa haya.

"Naomba radi" ni kuomba ngurumo na umeme vikushukie. Ni radhi. "Kwanza na shukuru", ukitenganisha, inasomeka kama watu wawili, mmoja akiitwa Kwanza na mwenzake Shukuru. "Nashukuru" ni neno moja, kama ilivyo "sitaweza". Kuhusu "sitoweza", pwani na Zanzibar linasemwa sana na silifuti likisemwa, lakini katika barua ya ofisi "sitaweza" halina ubishi. Vyovyote vile, halikatwi katikati.

"Kuudhuria" limepoteza h, na wengine huirudisha mahali pasipofaa na kuandika "hudhuru". Yatofautishe kwa ndugu zao. Hudhuria ni wa ukoo wa hadhara, hadhira na mahudhurio, wote wana h. Udhuru uko peke yake, hauna h. Wala usiandike "uzuru" kwa z, maana kuzuru ni kutembelea mahali, na hapo utakuwa umeahidi kwenda. Kuhudhuria pia hakuhitaji "kwenye", unahudhuria kikao moja kwa moja. "Hiko" ni hicho. "Mualiko" ni mwaliko.

Barua ile ile baada ya matengenezo

Tulikaa naye tukaiandika upya, si ya kutumwa tena, bali abaki nayo kwa siku nyingine. Mwaliko ulikuwa umetoka Jumatatu tarehe 22 naye akajibu Jumatano tarehe 24, kwa hiyo muda wa kutoa kitu mbadala ulikuwepo. Hicho ndicho tulichoongeza: orodha ambayo kikao kilikuwa kinamwitia.

> Kichwa: Udhuru: Kikao cha maandalizi ya ununuzi, Jumanne 30 Juni 2026
>
> Ndugu Mkuu wa Kitengo,
>
> Nashukuru kwa mwaliko wa kikao cha Jumanne tarehe 30 Juni 2026, saa 3:00 asubuhi. Naomba radhi kwamba sitaweza kuhudhuria, kwa kuwa siku hiyo nimepangwa na Mhasibu Mkuu kwenye zoezi la kuhesabu mali stoo.
>
> Orodha ya vifaa vilivyopungua nitaiwasilisha kwa Katibu wa kikao Ijumaa tarehe 26 Juni, kabla ya saa 10:00 jioni.
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> (Jina), Msaidizi wa Stoo
>
> Nakala: Katibu wa kikao, Msimamizi wa Stoo

Alitaka kuongeza kwamba mwenzake fulani atakwenda badala yake. Nikamzuia. Kumteua mwakilishi ni kazi ya msimamizi, na mdogo anayemtuma mwenzake kikaoni amewapangia watu wawili kazi bila kuulizwa. Kama msimamizi amekubali, andika "Msimamizi wangu amemteua fulani kuniwakilisha", na hapo ni sawa.

Barua hii ina mpaka wake. Inafaa pale ulipoandikiwa "unaalikwa" au "unaombwa kuhudhuria". Ikiwa wito unasema "unatakiwa kuhudhuria bila kukosa", huo si mwaliko, na udhuru wa barua pepe pekee hautoshi. Nenda ukamwone aliyekuita au msimamizi wako, upate jibu, ndipo uandike kuthibitisha mlichokubaliana.

Na ukishatuma ndipo ukaona kosa? Kama ni herufi, radi kwa radhi, liache. Barua ya pili ya kurekebisha herufi moja inamfanya aisome ya kwanza tena. Kama ni saa, siku au tarehe, tuma mara moja, juu ya barua ile ile na kwa watu wale wale, mstari mmoja tu: "Marekebisho: kikao ni saa 3:00 asubuhi, si saa 9. Mengine yanabaki kama yalivyo."